Kiwango ghafi, Bayes ya jumla au Bayes ya ujirani: kipi kichorwe kwenye ramani ya wilaya ndogo?

Ofisa takwimu anayetaka kuchora ramani ya ugonjwa kwa wilaya hukutana na tatizo moja kabla hata hajachagua rangi. Wilaya zenye watu wachache ndizo zinazotoka na viwango vya juu kabisa, na ndizo hizo hizo zinazotoka na viwango vya chini kabisa, kwa sababu mgonjwa mmoja akiongezeka au akipungua katika wilaya ndogo hesabu yote hupinduka, ilhali katika jiji kubwa mgonjwa huyo haonekani. Kwa hiyo jicho la msomaji huvutwa na rangi kali za maeneo ambayo data yake ni dhaifu kuliko yote. Dawa inayotumika sana ni kulainisha viwango kwa mbinu ya Bayes inayotokana na data, yaani ile ambayo wastani na mtawanyiko wa kuanzia havitoki kichwani mwa mtafiti bali hukadiriwa kutoka kwenye wilaya zenyewe. Lakini mbinu hiyo ina sura mbili, ya jumla na ya ujirani, na sura hizo zinaweza kutoa majibu yanayopingana kutoka kwenye data ileile. Makala hii inazilinganisha pamoja na kiwango ghafi, ili mwenye ramani mezani aweze kuchagua.

Mfano nitakaoutumia ni wa Uskoti, kwa sababu data zake zimefanyiwa kazi mara nyingi na kila mtu anaweza kuzirudia hesabu. Ni wagonjwa wa saratani ya mdomo, yaani ya ule mdomo wa nje na si ya ndani ya kinywa, katika wilaya 56, kwa miaka 6 kuanzia 1975 hadi 1980. David Clayton na John Kaldor walizitumia mwaka 1987 walipoonyesha jinsi mbinu hii inavyofaa kwa ramani za magonjwa. Kwa kila wilaya kuna namba mbili tu za kuanzia: waliougua, na waliotarajiwa kuugua kama wilaya hiyo ingekuwa na hatari sawa na nchi nzima baada ya kuzingatia umri wa wakazi wake. Ukigawanya ya kwanza kwa ya pili unapata uwiano. 1 maana yake ni sawa na nchi nzima, 2 ni mara mbili. Jumla ya waliougua ni 536, na jumla ya waliotarajiwa ni 536.2, hivyo wastani wa nchi ni 1.0 kwa namna hesabu yenyewe ilivyotengenezwa.

Kiwango ghafi kinasema nini

Wilaya ya Skye-Lochalsh, iliyo magharibi mwa nyanda za juu, ilikuwa na wagonjwa 9 ambapo 1.4 ndio waliotarajiwa. Uwiano wake ni 6.43, wa kwanza nchini. Inayofuata ni Banff-Buchan, pwani ya kaskazini-mashariki, yenye wagonjwa 39 dhidi ya 8.7 waliotarajiwa, uwiano 4.48. Upande wa chini kabisa kuna wilaya mbili zisizo na mgonjwa hata mmoja: Annandale, iliyotarajiwa kuwa na 4.2, na Tweeddale, iliyotarajiwa kuwa na 1.8. Ramani ya viwango ghafi huipaka Skye-Lochalsh rangi nzito kuliko zote na huzipaka Annandale na Tweeddale rangi moja nyepesi.

Tazama sasa uzito wa ushahidi nyuma ya kila rangi. Kwa kanuni ya Poisson, wagonjwa 9 walioonekana wanaweza kutoka kwenye hali ambayo idadi ya kweli ya kutarajiwa ni popote kati ya 4.1 na 17.1, kwa uhakika wa asilimia 95. Ukigawanya kwa 1.4, uwiano wa kweli wa Skye-Lochalsh unaweza kuwa kati ya 2.9 na 12.2. Ule wa Banff-Buchan uko kati ya 3.2 na 6.1. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuapa kwamba Skye-Lochalsh ndiyo ya kwanza. Kinachojulikana vizuri ni kwamba zote mbili ziko juu sana. Sifuri mbili nazo si ndugu. Mpaka wa juu wa sifuri ni wagonjwa 3.7, hivyo uwiano wa kweli wa Annandale hauwezi kuzidi 0.9 kwa uhakika uleule, na hiyo ni habari yenye maana, kwa kuwa inaiweka wilaya chini ya wastani wa nchi. Wa Tweeddale unaweza kufika 2.05, yaani sifuri yake haituambii kama wilaya hiyo iko chini ya wastani au juu yake. Ramani imezipaka rangi moja wilaya ambazo data yake haisemi jambo moja.

Hata hivyo, kiwango ghafi kina haki yake ambayo watu huisahau wakishajifunza kulainisha. Ndicho pekee kinachokokotolewa kutoka kwa wilaya husika bila kuguswa na nyingine, na mganga mkuu wa wilaya akitaka kujua ni wagonjwa wangapi walionekana kwake, hicho ndicho anachostahili kupewa, pamoja na mipaka yake ya uhakika. Udhaifu wake unaanza pale kinapogeuzwa rangi na kuwekwa kando ya vingine, kwa sababu rangi haina mahali pa kuonyesha kwamba 6.43 imesimama juu ya watu 9.

Bayes ya jumla: kila wilaya inavutwa kwenye wastani wa nchi

Njia rahisi zaidi ya kukokotoa ni ile aliyoieleza Roger Marshall mwaka 1991, ambayo haihitaji kompyuta yenye nguvu; nimeifanya kwa daftari na kikokotoo kwa wilaya zote 56. Inaanza kwa swali: viwango hivi vimetawanyika kiasi gani, na ni sehemu gani ya mtawanyiko huo iliyotokana na bahati tu? Mtawanyiko wa uwiano wote kuzunguka wastani, ukipimwa kwa uzito wa waliotarajiwa, ni 0.907. Sehemu ya bahati hukadiriwa kwa kugawanya wastani wa nchi kwa wastani wa waliotarajiwa kwa wilaya, 1.0 kwa 9.575 ni 0.104. Ukitoa, inabaki 0.803, na hiyo ndiyo tofauti ya kweli kati ya wilaya na wilaya.

Kutoka hapo kila wilaya inapewa uzito wake, yaani tofauti hiyo ya kweli kugawanya kwa jumla yake na sehemu ya bahati ya wilaya husika, ambayo ni wastani kugawanya kwa waliotarajiwa wake; uzito huo ndio unaoamua ni kiasi gani cha pengo kati ya kiwango ghafi na wastani kinabakizwa. Kwa data hizi, ambazo wastani wake ni 1, kanuni nzima inajikunja na kuwa kitu kinachoweza kushikwa mkononi: 1 ukigawanya kwa 0.803 ni 1.245, na kiwango kilicholainishwa ni waliougua kuongeza 1.245, kugawanya kwa waliotarajiwa kuongeza 1.245. Ni kana kwamba kila wilaya imeazimwa kiasi kilekile cha ushahidi wa kawaida, mgonjwa mmoja na ushei, kabla ya yake kuhesabiwa. Kwa Glasgow, yenye wagonjwa 28 dhidi ya 88.7 waliotarajiwa, mkopo huo haubadilishi kitu: 0.316 inakuwa 0.325. Kwa Skye-Lochalsh mkopo unakaribia kulingana na mali yake yote, na 6.43 inashuka hadi 3.87. Banff-Buchan, yenye mtaji mkubwa zaidi, inashuka kidogo tu, kutoka 4.48 hadi 4.05.

Hapo ndipo orodha inapopinduka. Kwa kiwango ghafi Skye-Lochalsh iko mbele kwa mbali. Kwa Bayes ya jumla Banff-Buchan ndiyo ya kwanza. Ninaliona jambo hili kuwa faida kubwa ya mbinu, kwa sababu ndivyo mtu mwenye busara angeamua akionyeshwa wagonjwa 39 upande mmoja na 9 upande mwingine. Sifuri nazo zinatengana: Annandale inakuwa 0.23 na Tweeddale 0.41, ile yenye ushahidi zaidi ikiachwa chini zaidi.

Lakini kuna sharti lililojificha ndani ya mkopo huu. Kuivuta wilaya kwenye wastani wa nchi ni haki tu kama hakuna kitu kinachotufanya tuamini kabla ya kuangalia wagonjwa kwamba wilaya hiyo ni ya aina nyingine. Katika Uskoti ya miaka ile kulikuwa na sababu nzuri ya kuamini hivyo. Saratani ya mdomo inahusishwa na jua na kazi za nje, na data hizi zina safu ya asilimia ya watu walio katika kilimo, uvuvi na misitu: Skye-Lochalsh ina 16, Banff-Buchan 16, Glasgow 0. Sasa angalia ni nani anayeutengeneza wastani wa nchi. Glasgow na Edinburgh peke yake zina 139.4 kati ya 536.2 waliotarajiwa, yaani robo nzima na zaidi kidogo, lakini zina wagonjwa 47 tu kati ya 536. Ukiziondoa, wastani wa wilaya 54 zilizobaki unapanda kutoka 1.0 hadi 1.23. Kwa hiyo wilaya ndogo ya wavuvi na wakulima inapoazimwa ushahidi wa kawaida, sehemu ya kile inachoazimwa ni ukawaida wa watu wa mjini wanaofanya kazi ndani ya majengo.

Kosa hili ni rahisi kuligundua, na ningemwomba kila anayetumia Bayes ya jumla alitafute kabla hajachapisha ramani. Chora nukta za wilaya zote, waliotarajiwa kwenye mhimili wa chini na uwiano ghafi kwenye mhimili wa wima. Kama tatizo ni bahati tupu, nukta zitafanya umbo la faneli: zimetawanyika juu na chini upande wa wilaya ndogo, zinabanana kuzunguka wastani upande wa wilaya kubwa. Ukiona badala yake kwamba wilaya ndogo zimekaa juu kwa wingi na kubwa zimekaa chini, kama ilivyo hapa, basi ukubwa wa wilaya unaambatana na hatari yenyewe, na wastani mmoja hauzifai wilaya zote.

Bayes ya ujirani: kila wilaya inavutwa kwenye wastani wa jirani zake

Jibu la wengi ni kuacha wastani wa nchi na kuchukua wastani wa wilaya zinazopakana. Hesabu ni ileile, ila inafanywa upya kwa kila wilaya, ikihusisha wilaya yenyewe na majirani zake tu. Skye-Lochalsh inapakana na Ross-Cromarty, Lochaber na Inverness. Wilaya hizo nne kwa pamoja zina wagonjwa 39 na waliotarajiwa 13.2, wastani wa 2.95. Mtawanyiko wa wanne hawa ni 2.097, sehemu ya bahati ni 0.895, inabaki 1.202. Kwa vipimo hivyo kiwango cha Skye-Lochalsh kinakuwa 4.22. Tofauti yake na 3.87 ya Bayes ya jumla ina maelezo: ukanda mzima wa nyanda za juu uko juu ya wastani wa nchi, hivyo wilaya hii inavutwa kuelekea 2.95 badala ya 1.0. Kwa wilaya hii, nadhani jibu la ujirani ndilo lililo karibu zaidi na ukweli.

Sasa ifanye hesabu hiyohiyo kwa Banff-Buchan. Majirani zake ni wawili, Moray yenye wagonjwa 26 dhidi ya 8.1, na Gordon yenye 20 dhidi ya 6.6. Watatu kwa pamoja wana wagonjwa 85 na waliotarajiwa 23.4, wastani wa 3.63. Mtawanyiko wao ni 0.433. Sehemu ya bahati, 3.63 kugawanya kwa 7.8, ni 0.466. Ukitoa unapata namba hasi.

Mtawanyiko wa kweli hauwezi kuwa hasi, kwa hiyo kanuni inauweka kuwa sifuri, na matokeo yake ni kwamba uzito wa wilaya yenyewe unakuwa sifuri pia. Banff-Buchan inapewa 3.63, wastani wa watatu, kana kwamba haina sauti yake. Wagonjwa 39, idadi kubwa kuliko ya wilaya nyingine yoyote kati ya 56, wanapimwa kwa uzito mmoja na wagonjwa wa jirani. Na orodha inageuka tena: Skye-Lochalsh 4.22, Banff-Buchan 3.63.

Sisemi kwamba 3.63 ni namba isiyowezekana. Wagonjwa 39 wanaweza kutokea ambapo 31.6 wanatarajiwa. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa kuinyamazisha wilaya yenye data nyingi umetoka kwenye mtawanyiko uliokadiriwa kwa namba tatu. Hakuna mwanatakwimu anayeweza kukadiria mtawanyiko kwa namba tatu na kulala usingizi. Katika Bayes ya jumla tunakadiria vitu viwili kutoka kwa wilaya 56. Katika Bayes ya ujirani tunakadiria vitu viwili kwa kila wilaya, mara nyingine kutoka kwa wilaya tatu au mbili. Caithness, kwenye ncha ya kaskazini ya bara, inapakana na Sutherland peke yake.

Visiwa ndivyo vinavyoumia zaidi. Kama ujirani ni kugusana kwa mipaka ya nchi kavu, Orkney, Shetland na Western Isles hazina jirani. Wastani wa ujirani wa Shetland unakuwa uwiano wa Shetland yenyewe, 7 kwa 2.3, yaani 3.04, na kulainisha kunarudisha namba ileile iliyoingia. Ramani inaitwa iliyolainishwa, lakini visiwa vitatu vyenye watu wachache, ambavyo ndivyo vilivyohitaji msaada, vimebaki ghafi katikati ya wilaya zilizotulizwa, na msomaji hana namna ya kujua. Kwa Bayes ya jumla Shetland ingekuwa 2.33. Anayechora ramani ya Tanzania kwa wilaya atalikuta jambo hili Mafia na Ukerewe, na atapaswa kuamua mwenyewe kama Ukerewe ihesabiwe jirani ya wilaya za bara zilizo ng'ambo ya ziwa, ambako watu na vivuko huenda na kurudi kila siku. Mimi ningeihesabu, na ningeandika chini ya ramani kwamba nimefanya hivyo.

Namba zilizozungumzwa hadi hapa ni hizi:

| Wilaya | Waliougua | Waliotarajiwa | Ghafi | Jumla | Ujirani |
|---|---|---|---|---|---|
| Skye-Lochalsh | 9 | 1.4 | 6.43 | 3.87 | 4.22 |
| Banff-Buchan | 39 | 8.7 | 4.48 | 4.05 | 3.63 |
| Shetland | 7 | 2.3 | 3.04 | 2.33 | 3.04 |

Kuchagua

Kwa ramani ya magonjwa ya wilaya ndogo, pendekezo langu ni kuanza na Bayes ya jumla, na kuiacha tu ukiwa na sababu unayoweza kuitaja. Sababu nzuri ni mbili. Ya kwanza ni pale nukta za faneli zinapoonyesha kwamba wilaya ndogo zina wastani wao tofauti. Hata hapo sikimbilii ujirani moja kwa moja. Mara nyingi kinachozitenganisha wilaya kinajulikana, kama vile mji na shamba, nyanda za juu na pwani, na inatosha kuzigawa wilaya katika makundi mawili au matatu makubwa, kisha kulainisha ndani ya kila kundi kwa wastani wake. Kila kundi linabaki na wilaya za kutosha kukadiria mtawanyiko, na msomaji anaelewa kwa sentensi moja wilaya ilivutwa kwenda wapi.

Sababu ya pili ni pale ugonjwa wenyewe unapofuata ardhi, kama malaria na mwinuko au kichocho na maji, ambako jirani kweli anakuambia kitu ambacho wastani wa nchi hauwezi kukuambia. Hapo Bayes ya ujirani inafaa, kwa masharti: wilaya nyingi ziwe na majirani watano au zaidi, visiwa vipewe ujirani wa makusudi, na kabla ya kuchora uhesabu ni wilaya ngapi ambazo mtawanyiko wake wa ujirani umetoka hasi. Kama ni chache, zitaje. Kama ni theluthi au nusu ya wilaya zote, unachokichora si makadirio ya wilaya tena; ni wastani wa mtaa uliotandazwa, na ni afadhali kuwaambia wasomaji hivyo.

Bayes kamili, ile ambayo Besag, York na Mollié waliijenga mwaka 1991, hukaa juu ya mvutano huu kwa kuziacha data ziamue ni kiasi gani cha tofauti kinashirikiwa na majirani na kiasi gani ni cha wilaya peke yake, huku mtawanyiko ukikadiriwa kwa nchi nzima kwa pamoja. Pia inatoa kitu ambacho mbili hizi hazikitoi kwa uaminifu, yaani upana wa mashaka. Bayes inayotokana na data huuchukua wastani na mtawanyiko wake kana kwamba vinajulikana bila shaka, hivyo mipaka yake huwa myembamba kuliko inavyostahili. Mwenye muda na ujuzi wa kuiendesha aitumie. Lakini ramani ya taarifa ya robo mwaka, inayotengenezwa upya kila miezi mitatu na watu wanaobadilika, inahitaji hesabu ambayo mwingine anaweza kuikagua kwa mkono.

Katika programu ya takwimu ya R, kifurushi cha `spdep` kinazo zote mbili. Hapa `d` ni jedwali la wilaya, lenye safu `O` ya waliougua na `E` ya waliotarajiwa, na `nb` ni orodha ya majirani:

```r
library(spdep)
j <- EBest(d$O, d$E, family = "poisson")
attr(j, "parameters")
u <- EBlocal(d$O, d$E, nb, zero.policy = TRUE, geoda = TRUE)
```

Mstari wa tatu ndio usiorukwa. Unaonyesha mtawanyiko uliobaki, `a`, na wastani, `m`. Kwa data zenye idadi ya watu au ya vizazi badala ya waliotarajiwa, weka idadi hiyo mahali pa `d$E`, mantiki haibadiliki. Ukiona `a` ni sifuri au hasi kwa nchi nzima, mbinu inakuambia kwamba tofauti zote ulizoziona kati ya wilaya zinaweza kuelezwa na bahati, na kwamba ramani ya ugonjwa huo kwa kipindi hicho haina cha kuonyesha. Wengine hulichukulia kama kosa la programu na kuhamia ujirani ili wapate rangi. Ni jibu halali, na ufumbuzi wake ni kukusanya miaka zaidi, kama Waskoti walivyojumlisha miaka 6, au kuunganisha wilaya.

Mahali ambapo hakuna kati ya hizi inayofaa

Ramani iliyolainishwa haifai kuhesabia wilaya zilizovuka kiwango fulani. Kulainisha kunapunguza makosa ya kila wilaya kwa wastani, lakini kunazibana zote kuelekea katikati kuliko ukweli wenyewe ulivyotawanyika. Katika data za Uskoti, wilaya zilizofika uwiano wa 3 au zaidi kwa kiwango ghafi ni 10. Kwa Bayes ya jumla ni 2. Idadi ya kweli huenda iko mahali fulani kati ya hizo mbili. Kama wizara imesema fedha zitakwenda kwa wilaya zote zilizofika 3, kubadilisha njia ya kukokotoa kunaziondoa wilaya 8 kwenye orodha bila mgonjwa hata mmoja kupona. Uamuzi wa namna hiyo ufanywe kwa uwezekano wa kila wilaya kuvuka kiwango, na uwezekano huo unatoka kwenye Bayes kamili.

Jambo la mwisho linatugusa sisi tunaovuta data kutoka kwenye mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2 kuliko lilivyowagusa Waskoti, waliokuwa na rejista ya saratani. Mbinu zote zilizotajwa hapa zinatibu bahati ya namba ndogo, na hazitibu data iliyopotea. Kata ambayo zahanati yake haikutuma taarifa, na ambayo ilitarajiwa kuwa na wagonjwa 1.8, ikisomwa kama sifuri itatoka kwenye Bayes ya jumla ikiwa na 0.41, sawasawa na Tweeddale. Kwa kiwango ghafi, ile sifuri tupu kwenye ramani ingeweza kumshtua mtu akauliza kulikoni. Ikishalainishwa inakuwa namba ya kawaida yenye rangi ya kawaida, na hakuna atakayeuliza. Hali ni hiyo hiyo kwa idadi ya watu: makadirio yaliyokokotolewa kutoka sensa ya 2022 yakikosea kwa wilaya inayokua haraka, kosa hilo linaingia kwenye kiwango na kwenye uzito vyote viwili, kwa sababu wilaya inayodhaniwa kuwa ndogo kuliko ilivyo inapandishwa kiwango na kupunguziwa imani kwa pamoja.

Kwa hiyo kazi ya kutenganisha sifuri na pengo inafanywa kabla ya kulainisha. Vuta jedwali la utimilifu wa taarifa kwa kila kituo na kila mwezi, weka alama ya kukosekana pale ambapo taarifa haikufika, punguza waliotarajiwa kwa miezi ambayo kituo hakikuripoti, na wilaya ambayo zaidi ya nusu ya taarifa zake hazipo iache nje ya hesabu ya wastani na mtawanyiko, kisha ichore kwa mistari ya mshazari badala ya rangi.